Makontena, reli na kijana wa Changamwe

“Vijana wa Mombasa hawana kazi kwa uvivu wao, au ni mfumo umewabana? Lazima iwe moja.”

Si lazima. Mwanasosholojia Anthony Giddens alieleza kwamba muundo wa jamii huongoza matendo ya watu, na matendo hayohayo ndiyo huuendeleza au kuubadilisha muundo.

Chukua mfano wa bandari. Reli ya SGR ilipoanza mwaka 2017, kisha serikali ikaagiza makontena yapelekwe Nairobi kwa treni, kazi zilipungua kwa madereva wa malori, utingo, makanika na mama lishe wa Changamwe na Miritini. Wenye bidii na wazembe waliathirika pamoja, msimu mmoja. Hiyo ndiyo dalili ya muundo: bidii ya mtu haikubadilika, mlango ndio ulifungwa.

Sasa tazama walichofanya. Mmoja alinunua tuktuk kwa mkopo wa chama, mwingine akatafuta kazi Ghuba. Hapo mtafiti asikimbilie kusifu ujasiri. Aulize kwanza nani alikuwa na leseni, dhamana au ndugu wa kumshika mkono. Tena, wengi wakikimbilia tuktuk, abiria hugawanywa na mapato ya kila mmoja hushuka: uamuzi wa busara wa mtu mmoja mmoja unageuka kizuizi kwa wote.

Wengine waliandamana mjini kupinga agizo lile. Septemba 2022 Rais Ruto aliamuru huduma za kutoa mizigo bandarini zirudi Mombasa. Maandamano peke yake hayakuleta hilo, uchaguzi ulichangia sana, lakini bila sauti zile huenda jambo hilo lisingekuwa ahadi ya kampeni Pwani.