Matumizi ya nyumbani ndani ya akaunti ya duka: yanayosemwa na ukweli wake

Ukiomba mkopo wa biashara Masasi, Newala au Nachingwea, afisa mikopo kwa kawaida atataka taarifa ya benki ya miezi 6 au 12. Wengi wanaichapisha na kuikabidhi kama ilivyo. Chanzo ni haya wanayoambiana dukani.

Dhana: Duka langu, akaunti yangu, benki haihusiki na ninavyotumia.

Kisheria kuna ukweli ndani yake. Anayefanya biashara peke yake kwa jina lake hatenganishwi na biashara kama ilivyo kwa kampuni, kwa hiyo kulipia jando la mwanao kwa pesa ya duka si kosa. Lakini hiyo si gharama ya biashara. Ni pesa uliyojichukulia, na mkopeshaji ataihesabu kwenye mahitaji ya nyumba yako. Usipoitenga mwenyewe, ataikisia yeye, na makadirio ya benki huwa hayakupendelei.

Dhana: Wanaangalia pesa iliyoingia tu.

Hii ndiyo inayowaponza wengi huku kwetu, kwa sababu ya korosho. Tuchukue mfano wa kubuni: mwenye duka la vifaa vya ujenzi Masasi, taarifa yake ya Desemba. Zimeingia shilingi 9,400,000 na zimetoka 6,450,000. Salio limepanda kwa 2,950,000, naye anajiona yuko vizuri.

Sasa tusome mstari kwa mstari. Shilingi 2,600,000 ni malipo ya korosho za shamba lake kupitia AMCOS, na 1,000,000 ni mgao wa kikoba kilichovunjwa. Hayo si mauzo ya duka. Mauzo yanabaki 5,800,000.

Upande wa kutoka, saruji, bati, pango, usafiri na kibarua ni 4,600,000. Jando limekula 600,000, na pesa aliyomtumia mkewe kwa simu ni 350,000. Zinabaki 900,000 zilizotolewa taslimu kwa wakala, bila maelezo. Daftari la manunuzi linaonyesha 500,000 kati ya hizo zilinunua mchanga na kokoto. 400,000 zilikwenda nyumbani.

Kwa hiyo duka limebakiza 700,000 baada ya gharama zake, na nyumba imetumia 1,350,000. Bila korosho na kikoba, akaunti ingeshuka kwa 650,000. Afisa mikopo mzoefu anaiona hesabu hiyo haraka kuliko mwenye duka, na rejesho atakalokubali atalipima kwa kinachobaki baada ya nyumba kula.

Haina maana kwamba korosho zifichwe. Ni kipato halali, ila ziwekwe kama kipato cha shamba, cha msimu. Mteja aliyeuza korosho akaja kununua bati, hayo ni mauzo yako kabisa.

Dhana: Matumizi ya nyumbani yanajionyesha yenyewe.

Ada ya shule na king'amuzi, ndiyo. LUKU haijionyeshi: ya duka na ya nyumbani zinatoka kwa jina lilelile, na kinachozitofautisha ni namba ya mita, ambayo utaipata kwenye ujumbe wa tokeni. Kuhamisha pesa kwenda kwenye simu yako nako si matumizi bado. Lazima ufungue taarifa ya simu uone ilikoishia. Na mauzo ya Lipa Namba ukiyahamishia benki, yahesabu mara moja tu.

Ngumu kuliko zote ni taslimu. Kila mahali palipoandikwa kutoa pesa, tafuta risiti au mstari wa daftari wenye tarehe ya siku hiyo au inayoikaribia. Usipoupata, iweke nyumbani. Utaumia kidogo kwenye hesabu, lakini utakuwa na jibu ukiulizwa.

Dhana: Bora kuifuta mistari mibaya.

Huko ni kughushi, na ni jinai. Benki inaweza kuthibitisha taarifa hiyo ilikotoka, na salio linalobebwa kutoka mstari hadi mstari litakataa kukubaliana mara tu ukiondoa mmoja. Kuhamia akaunti mpya mwezi mmoja kabla ya kuomba nako hakusaidii, maana wataitaka ile ya zamani.

Acha taarifa ilivyo. Weka alama pembeni ya kila mstari: D kwa duka, N kwa nyumbani, M kwa pesa iliyoingia isiyo mauzo. Ambatisha karatasi moja yenye jumla za kila mwezi. Gharama ya mara moja kama jando ipe mstari wake, isionekane kama matumizi ya kila mwezi. Ukiweza, fanya kwa miezi 12, kwa sababu Oktoba hadi Desemba peke yake inaonyesha mji wenye pesa za korosho, wakati rejesho la Aprili litalipwa na mauzo ya Aprili.