Midomo saba inatosha: kumfanya katuni aseme Kiswahili

Simama mbele ya kioo utamke "Dodoma" polepole. Midomo inaviringa kwa O na kubaki hivyo silabi mbili nzima, inafumba kwa M, kisha inafunguka kwa A. Ile D inatengenezwa na ulimi nyuma ya meno, na midomo haibadiliki kwa sababu yake. Neno lina herufi sita, lakini mimi nikilichora natumia midomo mitatu tu. O ya kwanza naifanya ndogo, ya pili kubwa, kwa kuwa mkazo uko pale.

Wengi wanaoanza huchora herufi baada ya herufi, na mdomo wa katuni unapapatika hadi mtu anachoka kuutazama. Chora kinachoonekana usoni, si kilichoandikwa kwenye skripti. Kwa Kiswahili natumia midomo saba: uliofumbwa (M, B, P), wazi (A), nusu wazi (E), meno yaliyokaribiana (I, pamoja na S, Z, T, N), mviringo (O), uliochongoka (U na W), na meno ya juu juu ya mdomo wa chini (F, V). K, G na H hutengenezwa nyuma kabisa, kwa hiyo hazina mchoro wao. Zinaazima mdomo wa irabu inayofuata. "Kuku" ni U moja iliyoshikiliwa, ukiipunguza kidogo katikati.

Tuchukue mfano. Binti yuko shambani Hombolo, anaita: "Mama, zabibu zimeiva!" Sauti inarekodiwa kwanza, ndipo tuchore. Rekodi ndani, dirisha limefungwa, maana upepo wa Dodoma ukiingia kwenye maiki utafunika zile M na B unazozitafuta kwenye mawimbi ya sauti. Nafanya kazi kwa fremu 24 kwa sekunde, na sentensi hii imechukua fremu 56.

Naanza na mifumbo peke yake. Hapa iko mitano: miwili kwenye "mama", miwili kwenye "zabibu", mmoja kwenye "zimeiva". Naiweka yote kwenye taimulaini kabla ya kugusa irabu, na kila mmoja naupa fremu mbili au zaidi. Mfumbo wa fremu moja jicho haliukamati, na mtazamaji ataona binti anasema "zaiu". Sauti yenyewe ikiwa fupi kuliko hapo, naiba fremu kutoka kwenye irabu iliyotangulia.

Kisha irabu. "Ma" ya kwanza ina mkazo: imefumba fremu 1 hadi 3, imefunguka sana 4 hadi 8. "Ma" ya pili imefumba 9 na 10, na A yake ni ndogo zaidi, 11 hadi 14. Anavuta pumzi hadi fremu 19. Kwenye "zabibu", meno 20 na 21, A ndogo 22 na 23, mfumbo 24 na 25, I ya mkazo 26 hadi 30, mfumbo 31 na 32, U 33 hadi 35. Mfumbo huo wa pili nauchora ukiwa umeanza kuchongoka, kwa sababu midomo ya binadamu hujiandaa kwa U ikiwa bado kwenye B.

"Zimeiva" ndiyo yenye kazi. "Zi" ni mchoro mmoja wa meno, 36 hadi 39, kwani Z na I zinafanana usoni. Mfumbo 40 na 41, E 42 na 43, halafu I yenye mkazo 44 hadi 48. Kati ya E na I hakuna konsonanti ya kuzitenganisha, kwa hiyo ukizichora karibu sawa mdomo unaonekana umekwama. Pandisha taya na uvute pembe za mdomo pembeni zaidi kuliko I ya "zabibu". V inakaa 49 na 50, A inamalizia hadi 56.

Cheza kwa kasi ya kawaida. Mdomo ukionekana kuchelewa, sogeza michoro yote ianze mapema kwa fremu moja au mbili. Mdomo kutangulia sauti kidogo hakumsumbui mtu. Ukichelewa, kila mtu anaona.

Kama mazungumzo ni marefu, programu ya bure ya Rhubarb Lip Sync itakupa rasimu. Kitambuzi chake cha kawaida kimetengenezwa kwa Kiingereza, hivyo kwa Kiswahili chagua kile cha fonetiki:

```
rhubarb -r phonetic -o binti.tsv binti.wav
```

Faili linalotoka lina sekunde na herufi. Zidisha sekunde kwa 24 upate fremu, yaani 1.25 ni fremu 30. Angalia herufi zake vizuri. `A` ya Rhubarb ni mdomo uliofumbwa, `D` ndiyo iliyo wazi kabisa, `F` ni ule uliochongoka wa U, na mdomo wa F na V unaitwa `G`. Kisha fungua skripti, hesabu M, B na P zote, uone kama kila moja ina `A` yake. Iliyokosekana iweke kwa mkono.