Namba inatosha, kadi yaweza kusubiri

"Kama kadi yako ya taifa haijatoka, benki hawakufungulii akaunti."

Utasikia watu wakisema hivyo, lakini kwa akaunti ya kawaida ya mtu binafsi, benki nyingi jijini Dar es Salaam hupokea namba ya NIDA tu, yaani namba ya kitambulisho cha taifa. Mhudumu anaiingiza kwenye mfumo, unaweka kidole kwenye mashine, na taarifa zako zinatokea kwenye skrini yake. Kadi mtu anaweza kuiokota, kidole hakiazimwi. Sheria ya mwaka 2006 ya kudhibiti fedha haramu inaitaka benki imjue mteja wake, maana matapeli hupenda kupitishia hela kwenye jina la mwingine.

Muuza samaki wa Feri anaweza kukwama kwa jambo dogo zaidi: vidole vimesuguliwa na magamba, mashine haisomi. Akaushe mkono, ajaribu kidole kingine.

Taarifa unaweza kuzikagua ukiwa nyumbani. Namba ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: aliyezaliwa 17 Machi 1994 huanza na 19940317. Zikipishana na cheti chako cha kuzaliwa, anzia ofisi ya usajili ya wilaya. Matawi mengine huomba pia barua ya serikali ya mtaa, kwa hiyo uliza kabla ya kupanga foleni.