Akaunti ilikuwa tupu, makato ya kadi na meseji yametoka wapi?

"Kadi ya benki sijaigusa tangu msimu uliopita na akaunti ilikuwa haina kitu. Mbona hela ya tumbaku ilipoingia tu wamekata ya kadi na ya meseji? Naweza kujitoa?" Ni swali la mkulima wa Urambo, mkoani Tabora.

Ada ya kadi hailipiwi matumizi. Inalipiwa kadi kuwa hai kwenye mfumo wa benki, na kwa kawaida hukatwa kila mwaka ukifika mwezi ilipotolewa. Kadi inaweza kukaa sandukuni mwaka mzima, ada ikaja vilevile. Meseji za taarifa za miamala zina mitindo miwili: benki nyingine hutoza kwa kila meseji, nyingine hutoza kiasi kimoja kila mwezi, upokee meseji au usipokee. Kwa mkulima anayelipwa mara moja kwa msimu, huo wa pili ndio unaoumiza.

Salio likiisha, mifumo mingi ya benki haisamehi ada. Huiandika kama deni na kusubiri. Tuchukue mfano wa kukadiria. Mwisho wa Agosti umebakiza shilingi 2,000. Meseji ni 500 kwa mwezi, na VAT ya asilimia 18 inaifanya 590. Kadi ni 10,000, ambayo ikiongezwa VAT inakuwa 11,800, na inadaiwa Novemba. Kuanzia Septemba hadi Mei meseji peke yake ni 5,310. Jumla ni 17,110. Ile 2,000 yako inaliwa yote, na 15,110 zinabaki deni. Juni malipo ya tumbaku yakiingia, mfumo unachukua deni lake kwanza, mara nyingi siku hiyohiyo, kabla hujafika dirishani.

Kwa hiyo omba taarifa ya akaunti ya miezi 12, siyo ile fupi ya miamala michache ya mwisho. Tafuta mistari kama `CARD ANNUAL FEE` na `SMS ALERT FEE`. Mistari mingi ya meseji yenye tarehe moja haimaanishi lazima kwamba umeibiwa. Huenda ni miezi iliyolimbikizwa. Ihesabu, uilinganishe na miezi ambayo akaunti ilikuwa tupu. Ikizidi miezi hiyo, hapo una hoja. Ada ya kadi ikitokea mara mbili ndani ya mwaka, uliza ni ya kadi ipi. Aliyepoteza kadi akapewa nyingine mara nyingi ile ya kwanza ilizuiwa tu, haikufutwa, na kadi iliyozuiwa inaweza kuendelea kudaiwa.

Tofauti hiyo ya kuzuia na kufuta ndiyo msingi wa kujitoa. Ukipiga simu huduma kwa wateja ukasema kadi imepotea, wanaizuia isitoe hela. Ukitaka ada ikome, nenda tawini na kitambulisho, uandike kwamba unaomba kadi ifutwe na isitolewe nyingine muda wake ukiisha. Taja namba ya akaunti na tarakimu nne za mwisho za kadi. Meseji ni ombi lake peke yake: taja namba ya simu iliyosajiliwa. Kutupa laini hakusaidii, kwa sababu benki inaendelea kutuma na kukata. Wakala naye hana uwezo wa kukufanyia haya. Deni la nyuma utalilipa kwanza, na ada iliyokwisha kukatwa kihalali kwa kawaida hairudi, kwa hiyo peleka ombi kabla ya mwezi wa kadi kufika.

Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bila hiyo, mwezi unaofuata makato yakirudi utakuwa unaanza upya.

Kabla ya kujitoa kote kuwili, pima. Kama unatoa hela mara moja au mbili kwa msimu, kadi naona haikufai, ila uliza kwanza ada ya kutolea dirishani, maana mara nyingi ni kubwa kuliko ya mashine. Meseji ningeziacha iwapo benki inatoza kwa kila moja: hela isipotembea hulipi, na ikitoka bila wewe kujua, ndiyo taarifa ya kwanza utakayoipata. Kama ni ada ya kila mwezi, uliza kama wanaweza kukuhamishia akaunti isiyo na ada hiyo.

Benki ikikata baada ya kupokea ombi lako, andika malalamiko kwa meneja wa tawi, ambatisha nakala ile na taarifa mpya ya akaunti. Wakikaa kimya au usiporidhika na jibu, yapeleke Benki Kuu ya Tanzania, yenye dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki. Watataka kuona kwamba ulianzia kwenye benki yako, kwa hiyo barua ya meneja nayo iwe na muhuri.