Kwa nini kitenge ulichokihariri usiku kinamfikia mteja na rangi nyingine

Wauza vitenge wengi wa Arusha na Moshi hupiga picha mchana, dukani au uani, kisha huzihariri na kuzituma usiku baada ya kufunga duka. Saa hiyo simu inakuwa imeshawasha yenyewe kichujio cha kupunguza mwanga wa bluu. Kazi yangu ni kuhariri picha za bidhaa, na picha zinazoletwa kurekebishwa kwa sababu hii huwa na alama moja: nyeupe yake ina ubluu.

Kila nukta ya kioo cha simu ina taa tatu: nyekundu, kijani na bluu. Kila moja hupewa namba kuanzia 0 hadi 255. Nyeupe ya kawaida, ya 6500 kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, ni zote tatu kwenye 255. Ukiweka kichujio cha kiasi, tuseme kelvini 3400, nyekundu inabaki 255, kijani kinashuka hadi karibu 190 na bluu hadi karibu 135. Ndiyo maana ukurasa mweupe unaelekea rangi ya chungwa. Nyekundu yenyewe haiguswi, kwa hiyo kitenge chekundu hakikushtui. Cha bluu ndicho kinachoumia.

Chukua kitenge ambacho ndani ya faili bluu yake ni 40, 70, 180. Kichujio kikiwaka, kioo kinakuonyesha karibu 40, 52, 95: rangi iliyofifia na kuwa nyeusi kidogo. Wewe unakijua kitambaa chako, kwa hiyo unasukuma bluu juu. Lakini hata ukiifikisha 255, mwisho wa namba, kioo chako hakitavuka 135. Unaendelea kusukuma bila kufika. Mteja aliyeko Dodoma, ambaye simu yake haina kichujio, anapokea ile 255 nzima, na maua meupe ya kitenge yanamfikia yakiwa na ubluu. Akiletewa mzigo anasema siyo alichoagiza, na ana haki.

Nyeupe na krimu nazo husumbua, maana zinatofautiana zaidi kwenye bluu. Nyeupe ya 255 na krimu ya 180 zimeachana kwa 75. Chini ya kichujio pengo hilo linabaki kama 40. Shuka la krimu linaweza kupita kama jeupe.

Tatizo halionekani kwa sababu macho huzoea. Baada ya dakika chache ubongo unaichukua ile chungwa kuwa nyeupe, na unaamini unachokiona. Skrinishoti nayo haionyeshi kosa: kichujio huwekwa hatua ya mwisho kabisa, picha inapokwenda kwenye kioo, kwa hiyo skrinishoti hubeba namba safi. Hilo lina faida. Itume kwa simu nyingine isiyo na kichujio, uone mteja atakachoona.

Kabla ya kuhariri, zima kichujio. Kwenye Android nyingi kiko Settings, kisha Display, kisha Night Light. Samsung hukiita Eye comfort shield. Kwenye iPhone ni Settings, Display & Brightness, Night Shift, na hapo hapo zima pia True Tone, kwa kuwa nayo hubadili nyeupe kufuata taa ya chumbani. Kioo kitaonekana cha bluu mwanzoni. Subiri dakika mbili hivi macho yarudi, ndipo uguse rangi. Ukilazimika kuhariri kichujio kikiwaka, tumia zana ya White Balance ya Snapseed na uguse kwa kidondoshi sehemu ya kijivu au nyeupe isiyozidiwa na mwanga. Yenyewe husoma namba za faili, haidanganywi na kioo.

Ratiba ya kuwasha kichujio kwa kufuata machweo siipendekezi kwa mfanyabiashara wa huku. Arusha na Moshi jua huzama kati ya saa 12:20 jioni na saa 1 kasoro mwaka mzima, wakati wateja bado wanauliza rangi. Weka saa zako mwenyewe, mfano 22:00 hadi 05:30, jinsi simu inavyoziandika.

Kwa kutazama filamu, kichujio kikali huharibu zaidi matukio ya usiku, kwa kuwa mara nyingi hupakwa bluu: vivuli vinazama na sura za watu zinakuwa za chungwa. Weka kiwango kidogo, kisha ushushe mwangaza wa kioo. Seli za jicho zinazoiambia saa ya mwili kwamba bado ni mchana husisimka zaidi kwa mwanga wa karibu nanomita 480, yaani bluu, lakini kinachohesabika ni wingi wa mwanga unaozifikia. Kioo cha chungwa kilichowaka kwa asilimia 100 bado ni taa kali mbele ya uso.