Anaharisha, kumbe choo kimeziba: kwa anayemhudumia aliyeumia uti wa mgongo

Mama mmoja alinipigia simu wodini, "Sista, kijana wangu anaharisha leo siku ya tatu, nimempa vidonge vya kuzuia lakini pampasi inalowa tu." Kijana aliumia kwenye ajali ya bodaboda, pingili ya 10 ya kifua, kuanzia kitovuni kushuka hasikii kitu. Nikamuuliza choo cha kawaida alipata lini, akahesabu weee, siku 9. Nikamwambia aguse tumbo chini upande wa kushoto, akasema kuna mabonge kama viazi.

Hapo hakuna kuharisha jamani. Choo kigumu kimeziba chini, majimaji ya juu yanapenya pembeni, na vile vidonge vinalaza utumbo ambao tayari ni mzito. Nikamwambia aviache na amlete. Tulianza kutoa kwa chini kidogo kidogo, dawa ya kulainisha ya kunywa ikafuata baadaye, maana ukisukuma kutoka juu na chini kumefungwa ni tumbo kusokota tu na kutapika.

Kilichomponza ni kusubiri choo kije chenyewe. Kwa ajali kama yake taarifa haifiki kichwani, ila utumbo wa chini bado unajikaza wenyewe ukiguswa, so tunauamsha sisi kwa saa maalum. Tulichagua saa moja asubuhi, siku moja ndiyo moja hapana. Anakunywa chai ya moto na uji, baada ya kama dakika 20 hadi 30 anakaa kwenye kiti cha choo, asipoweza kukaa analala ubavu wa kushoto. Mama anakata kucha, anavaa glovu, anapaka jeli, na anapima kwanza kwa kidole njia ya haja kubwa, akikuta choo anakitoa taratibu ndipo anaweka kidonge cha bisakodili, kile cha kuweka kwa chini siyo cha kumeza, kiguse ukuta wa utumbo, kikizama kwenye choo hakifanyi kazi. Anasubiri dakika 15 hivi, halafu anazungusha kidole polepole sekunde 15 hadi 20 mpaka asikie panalegea, anatoa kidole, choo kinashuka. Anarudia kila baada ya dakika 5 hadi 10. Mizunguko miwili bila kitu, basi, amemaliza.

Aliyeumia chini kabisa ya uti, njia imelegea, huyo kuzungusha hakusaidii, choo kinatolewa kwa kidole na mara nyingi ni kila siku.

Na aliyeumia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu, akianza kuumwa kichwa ghafla, kutoka jasho na uso kuwa mwekundu au wa moto, toa kidole hapo hapo, mkalishe wima, legeza nguo, presha imepanda. Isiposhuka haraka ni hospitali, sawa na tumbo likivimba na kutapika au damu nyingi.

Kijana wetu wiki 2 za kwanza alichafuka mara mbili, mama akataka kuhamishia jioni, nikamwambia saa asiguse, tuongeze maji kwanza.