Alama 14 kwa 20 si asilimia 70?

“Mwanangu kaja Malindi na 14 kwa 20 ya baakalorea, mtihani wa kumaliza sekondari wa Ufaransa. Nikizidisha kwa 5 si napata 70, yaani A?”

Hesabu ni sahihi, ulinganisho ndio umepotoka. Kule 10 ni kupita tu, 12 vizuri kiasi, 14 vizuri, 16 vizuri sana. Vyuo vikuu vingi vya Kenya hupitisha kwa 40, na A huanzia 70. Ukizidisha tu, aliyepita kwa tabu na 10 anapata 50, daraja C!

Oanisha ngazi: 10 na 40, 16 na 70. Kati yake, zidisha kwa 5 kisha toa 10. Basi 14 ni 60, B. Juu ya 16 kanuni hukwama: 20 kamili ingekuwa 90, si 100.